Utaridi "ikirudi nyuma", kinachorudi ni nini?

"Shikamoo mwalimu. Julai 2025 nilipata fremu nzuri ya duka karibu na stendi, mwenye nyumba akataka tusaini ndani ya wiki. Mdogo wangu anayefuatilia nyota mtandaoni akanikataza, eti Merkyuri ipo retrogredi, inarudi nyuma, mawasiliano na mikataba huvurugika mpaka Agosti 11. Nikasubiri, fremu ikachukuliwa na mtu mwingine. Hivi kweli sayari inaweza kurudi nyuma? Na simu zangu zinahusiana nini nayo?"

Marahaba binti yangu, na pole kwa fremu.

Nianze kwa kumtendea haki mdogo wako: tarehe alizokupa zilikuwa sahihi. Merkyuri ni sayari ile ambayo wazee wa pwani waliiita Utaridi, na baadhi ya vitabu vya shule vinaiita Zebaki. Kuanzia Julai 18 hadi Agosti 11, 2025, mtu yeyote aliyepima mahali ilipo kati ya nyota angeiona ikisogea kinyume na mwendo wake wa kawaida. Wanajimu hawakubuni jambo hilo. Wanachukua tarehe zao kwenye hesabu zilezile wanazotumia wanaastronomia, na hesabu hizo zinaweza kutaja siku ya kurudi nyuma miaka mia moja kabla haijafika. Ugomvi wetu nao unaanza baadaye kidogo.

Kwanza tuelewane neno "nyuma". Wengi wakilisikia hudhani sayari inachomoza magharibi na kuzama mashariki. Haiwi hivyo hata siku moja. Utaridi huchomoza mashariki na kuzama magharibi kila siku ya mwaka, kwa sababu mwendo huo ni wa dunia yetu kujizungusha. Mwendo tunaouzungumzia ni mwingine, wa polepole, na huonekana tu ukilinganisha sayari na nyota zilizo nyuma yake usiku baada ya usiku. Nyota hukaa mahali pake, sayari huhama. Kwa kawaida huhama kuelekea mashariki. Kuna majuma machache ambapo huonekana kuhama kuelekea magharibi, na hayo ndiyo yanayoitwa kurudi nyuma.

Sasa fikiria umekaa barazani, na mbele ya uwanja mpana anapita mtu akivuta mkokoteni, taratibu, kutoka kulia kwako kwenda kushoto. Mtoto mtundu anauzunguka mkokoteni huo kwa mbio, duara baada ya duara, upande uleule wa mzunguko bila kugeuka. Anapokuwa upande wa mbali, nyuma ya mkokoteni, anakimbia kuelekea kushoto kama mkokoteni wenyewe, kwa hiyo unamwona anakwenda kasi sana. Anapokata kona na kupita upande wa karibu yako, sasa anakimbia kuelekea kulia. Ukimtazama dhidi ya ukuta wa nyumba ya ng'ambo, utasema amerudi alikotoka. Mwulize yeye, atakwambia hajageuka hata kidogo, anazunguka tu.

Mkokoteni ni Jua, mtoto ni Utaridi, na ukuta wa ng'ambo ni nyota. Jua nalo huonekana kusogea kati ya nyota kuelekea mashariki karibu uzi mmoja wa pembe kwa siku, kwa kuwa sisi tulio duniani tunalizunguka. Utaridi hulizunguka kwa siku 88, sisi kwa siku 365, hivyo kila baada ya siku 116 hivi hutufikia, hupita katikati yetu na Jua, na kutuacha. Kila inapotupita namna hiyo tunaiona ikirudi nyuma. Ndiyo sababu jambo hili hutokea mara tatu kwa mwaka, na miaka michache mara nne.

Mfano wa mkokoteni unaeleza pia jambo ambalo maelezo mengi huliruka. Ukihesabu muda ambao mtoto yuko upande wa karibu, ni mrefu kuliko muda anaoonekana kurudi nyuma. Sababu ni kwamba mkokoteni nao unasogea na kumbeba. Anapoanza tu kukata kona, mbio zake za kulia bado ni ndogo kuliko mwendo wa mkokoteni kwenda kushoto, basi dhidi ya ukuta bado anasonga mbele. Mpaka mbio zake zizidi mwendo wa mkokoteni ndipo anaonekana kurudi.

Tazama tarehe za mwaka ule uone. Julai 4, 2025 Utaridi ilikuwa mbali kabisa na Jua upande wa jioni, nyuzi 26 hivi, ikionekana magharibi baada ya Jua kuzama. Baada ya hapo ilianza kulisogelea Jua, yaani mtoto ameanza kukata kona. Lakini dhidi ya nyota iliendelea mbele kwa majuma mawili zaidi. Julai 18 mbio mbili zikalingana, ikaonekana imesimama. Usiku wa kuamkia Agosti 1 ilipita kati yetu na Jua. Agosti 11 ikasimama tena na kuanza kwenda mbele, na Agosti 19 ikawa mbali kabisa na Jua upande wa alfajiri. Kutoka Julai 4 hadi Agosti 19 ni siku 46. Kurudi nyuma kwenyewe kulichukua siku 24 tu, na umbali wote iliorudi ulikuwa nyuzi 11 hivi. Nyoosha mkono mbele yako ukunje ngumi: upana wa ngumi hiyo angani ni nyuzi 10. Kumbe zahama yote ilitokea katika nafasi inayozidi ngumi kidogo tu.

Na siku "iliposimama", kweli ilisimama? Utaridi haijawahi kwenda chini ya kilomita 38 kwa sekunde. Siku hiyo ilikuwa inakimbia kama siku nyingine, kwa mbio zinazotosha kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa nusu dakika.

Watu wa Babeli waliandika siku za kusimama kwa sayari karne nyingi kabla ya Kristo bila kujua sababu. Ptolemayo wa Aleksandria, karibu mwaka 150, aliiweka Dunia katikati ya vyote, na kwa hiyo alilazimika kuipa kila sayari duara dogo juu ya duara kubwa ili hesabu ikubali kurudi huko. Koperniki alipochapisha kazi yake mwaka 1543 na kuliweka Jua katikati, kurudi nyuma kukawa tokeo la kawaida la sayari moja kuipita nyingine. Wasomaji Waislamu watakumbuka kiapo cha Sura At-Takwir, aya ya 15 na 16, kuhusu nyota zirejeazo, ziendazo na kujificha. Wapo wafasiri wa zamani waliosema ni sayari tano zionekanazo kwa macho, na Utaridi wakaitaja humo. Na kujificha ni kweli tupu: katikati ya kurudi kwake Utaridi imezama ndani ya mwanga wa Jua, huwezi kuiona hata ukitaka.

Tuje kwa wanajimu. Kwa nini simu na mikataba, wala si ndoa au mvua? Jibu lipo kwenye historia ya sayari hii, na kwangu ndilo jambo tamu kuliko yote. Babeli waliihusisha na Nabu, mungu wa waandishi. Wagiriki wakaipa Herme, tarishi wa miungu. Warumi wakamwita Merkuri na kumwongezea biashara. Waajemi wakaiita karani wa mbingu. Ni sayari ya mbio, inayojitokeza jioni kidogo, kisha alfajiri kidogo, kama mtu wa kupeleka barua. Wanajimu wakaifanya mtawala wa nyota ya Mapacha na ya Mashuke, na kuikabidhi maneno, barua, hesabu, safari fupi, ununuzi na mapatano. Simu na kompyuta zilipokuja zikaangukia fungu hilohilo.

Basi mwanajimu wa sasa anawaza hivi: sayari ya ujumbe ikienda kinyume, ujumbe nao unakwenda kinyume. Barua hupotea, mtu husikia lisilosemwa, mtambo hugoma, mkataba hutiwa saini huku kipengele kimoja hakijasomwa vizuri. Kwa hiyo atashauri usianze jipya, urudie la zamani: soma upya, sahihisha, fuatilia deni, mtafute rafiki mliyepoteana. Mwanajimu makini haishii hapo. Atauliza sayari iko nyota gani (mwaka ule alisema Simba), inaangukia sehemu gani ya chati yako ya kuzaliwa, na ataziogopa zaidi siku mbili za kusimama kuliko majuma yaliyo katikati. Hizo posti za kuwatisha watu wote kwa mpigo hata wenzao wengine huzicheka.

Nasema "alisema Simba" kwa makusudi. Ungeweza kuipiga picha Utaridi siku zile ungeikuta mbele ya nyota za Kaa. Mhimili wa Dunia huyumba taratibu, na nyota zimeachana na majina ya buruji, yaani mafungu ya anga kama Simba na Kaa wanayotumia wanajimu, kwa karibu uzi mmoja kila miaka 72. Wanajimu wengi wa Magharibi huhesabu kuanzia mahali Jua lilipo usiku na mchana unapolingana mwezi Machi, wala hawatazami nyota zenyewe. Wanalijua hilo na hawalifichi. Wateja wao ndio hawalijui.

Tena ushauri huu wa "usisaini chochote" kwa watu wote ni wa juzijuzi. William Lilly, mnajimu wa London aliyechapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1647, aliihesabu sayari yoyote inayorudi nyuma kuwa imepungukiwa nguvu, akaipunguzia alama 5. Lakini aliitumia ndani ya swali moja la mtu mmoja. Umepoteza ng'ombe, na sayari yake inarudi nyuma? Huenda mali ikarudi. Mtu amekuahidi jambo? Huenda akageuka. Hakuwa na habari ya mji mzima kuzima biashara majuma matatu. Na falaki ya pwani niliyoiona kwa babu yangu ilikuwa njia nyingine kabisa: jina lako na la mama yako yanageuzwa tarakimu kwa hesabu ya abjadi ili kupata nyota yako, kisha zinatazamwa saa za sayari ili kuchagua saa ya kusafiri au kufungua duka. Mdogo wako hakulipata katazo lake kwa wazee wa hapa. Lilikuja na intaneti.

Sasa tupime. Mwaka 2025 Utaridi ilirudi nyuma mara tatu: siku 23 za Machi na Aprili, siku 24 hizi zako, na siku 20 za Novemba. Jumla ni siku 67, asilimia 18 ya mwaka. Ina maana kwamba hata kama sayari haihusiki kabisa, katika kila mikwamo 100 ya simu, barua na mikataba, kama 18 itaangukia humo yenyewe. Ukikumbuka hiyo 18 na kuisahau 82, utaapa kwamba mdogo wako ana haki.

Halafu kuna "kivuli". Wanajimu wengi huongeza siku za kabla, tangu sayari ipite mara ya kwanza mahali itakapokuja kusimama mwisho wa kurudi, na siku za baada, mpaka irejee pale ilipoanzia kurudi. Kwa safari ile kivuli kilianza Juni 30 na kuisha Agosti 25. Siku 24 zimekuwa majuma manane. Fanya hivyo mara tatu na umefunika karibu nusu ya mwaka. Wavu wa ukubwa huo hauwezi kukosa samaki.

Jaribu kwa matukio mnayoyakumbuka. Oktoba 4, 2021 Fesibuku, Instagramu na Watsapu zilizimika kwa karibu saa sita. Utaridi ilikuwa inarudi nyuma tangu Septemba 27, na wanajimu walishangilia. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mtandao wao wa ndani, na anwani zao zikatoweka kwenye intaneti. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki nzima, nadhani hata wewe ulihangaika. Siku hiyo Utaridi ilikuwa inakwenda mbele, na imekuwa hivyo tangu Aprili 25. "Lakini kivuli kilikuwa hakijaisha!" atasema mnajimu, na ni kweli, kilikuwa kinaisha Mei 13. Rudi nyuma kidogo hadi Machi 14 mwaka huohuo, nyaya kadhaa zilipokatika pwani ya Afrika Magharibi na nchi nyingi kukosa mtandao. Sayari inakwenda mbele, kivuli hakijaanza. Hapo utasikia ni sayari nyingine. Dai ambalo kila tarehe inalithibitisha limeshindwa kukwambia tofauti kati ya tarehe moja na nyingine, na tofauti hiyo ndiyo uliyokuwa unaihitaji mbele ya mwenye nyumba.

Kuna ucheleweshaji mmoja wa mawasiliano ambao kweli unafuata mwendo wa sayari, nao unakwenda kinyume na unajimu. Ujumbe wa redio kwenda Mirihi husafiri kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo ucheleweshaji wake ni umbali tu. Mirihi ilirudi nyuma kuanzia Desemba 2024 hadi Februari 2025, na Januari 12, 2025 ilikuwa umbali wa kilomita milioni 96: ujumbe ulifika kwa dakika tano na kitu. Sayari za nje hurudi nyuma pale sisi tunapozipita, yaani zikiwa karibu nasi. Mwaka mmoja baadaye, Januari 9, 2026, Mirihi ilikuwa nyuma ya Jua, ikienda mbele vizuri kabisa dhidi ya nyota, na ujumbe ulihitaji dakika 20 hivi. Tena karibu na siku kama hizo wahandisi wa NASA huacha kutuma amri kwa takriban majuma mawili, kwa sababu gesi yenye umeme inayotoka kwenye Jua inaweza kuharibu ujumbe njiani, na chombo kikapokea nusu amri. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuzungumza na sayari, kipindi cha kurudi nyuma ndicho chenye mawasiliano mazuri.

Kama unataka kumjaribu mdogo wako bila kugombana naye, nunua daftari. Kila mkwamo wa mawasiliano, pesa ya simu iliyokwenda kwa namba siyo, mzigo uliochelewa, ujumbe ulioeleweka vibaya, uandike siku hiyohiyo pamoja na tarehe, bila kutazama kalenda ya nyota. Mkubaliane mapema kivuli kinahesabiwa au hakihesabiwi. Mwaka ukiisha mpe yeye aweke alama kwenye tarehe zilizomo. Mkipata mikwamo 50, takriban 9 itakuwa ndani ya kurudi nyuma kwa bahati tu. Ikiwa 8 au 11, hakuna kitu. Ikiwa 25, niandikie tena, nitavutiwa sana. Naye asikwambie tarehe za kurudi nyuma wakati unaandika, wala usizitafute wewe: mtu anayejua yuko ndani ya majuma mabaya huiona kila simu isiyopokelewa.

Kuhusu fremu, sitakwambia ungesaini. Mkataba wa pango unaotakiwa ndani ya wiki ni wa kusomwa na mtu wa pili, wa kuuliza kodi inalipwa ya miezi mingapi na nani anarekebisha paa, sayari iwe inakwenda wapi. Ungetumia wiki ile kufanya hayo, huenda ungegundua sababu ya kukataa, au ungeingia dukani. Majuma matatu uliyosubiri hayakukupa habari yoyote mpya kuhusu chumba kile.

Na kama unataka kuiona sayari ikirudi nyuma kwa macho yako, achana na Utaridi, itakuchosha. Subiri Mirihi. Itarudi nyuma kuanzia Januari 10, 2027 hadi mwanzoni mwa Aprili, katika kundi la Simba, na Februari itakuwa juu usiku kucha, nyekundu na angavu. Karibu nayo utaona nyota nyeupe inayong'aa, Regulasi. Chora nyota tatu au nne za pale kwenye karatasi, na kila Jumamosi usiku weka nukta ya Mirihi kwa penseli. Anza mwezi Desemba, kabla haijasimama. Mwite na mdogo wako, maana nukta zikianza kurudi kwenye karatasi yenu mtahitaji mtu wa pili wa kushuhudia kwamba hamkukosea kuchora.